Naanza kazi Jumatatu ya wiki ijayo na kusalimia tu kunanitoa jasho, nijifueje hizi siku 9?

Kimya_Kingi (Jumamosi, saa 3 usiku)

Wakuu habari zenu. Mi ni kijana wa miaka 27, nakaa Mbagala Rangi Tatu, nimepata kazi ya mhasibu msaidizi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi iko Posta ghorofa ya tano. Sianzi keshokutwa, naanza Jumatatu inayofuata, kwa hiyo nina siku 9 za kujipanga.

Mahesabu hayanitishi. Kinachonitisha ni kusalimia, na najua kuna watu hapa watacheka ila ndo ukweli. Kazi yangu ya kwanza nilikaa miezi minne tu nikaacha. Nilikuwa nafika saa moja kasoro asubuhi ili nikae kwenye kiti kabla ya wote, wao ndo wanikute wanisalimie, maana mi kuingia kwenye chumba chenye watu sita wamekaa na kuanza kusema habari za asubuhi, koo linakauka na sauti inatoka kama ya mtu ana mafua. Lifti nilikuwa sipandi, napanda ngazi. Chai ya saa nne siendi. Mtu akinambia mambo najibu lakini jibu linabaki mdomoni yeye hasikii, anajua nimemchunia. Mwisho nikaitwa na bosi, naambiwa wenzako wanasema unaringa. Mimi! Niringe nina nini?

Tangu hapo mwaka mmoja na nusu nafanyia watu mahesabu nikiwa nyumbani kwa Watsapu. Juzi mzee mmoja jirani ananiambia "kwema?" nikamjibu "marahaba". Akaniangalia mpaka nikaingia ndani.

Nauliza kitu kimoja, kuna namna mtu anaweza kujifua na hii kitu kabla ya kuanza? Sitaki kuambiwa "jiamini".

Mzee_wa_Usaili (Jumamosi, saa 3 na nusu usiku)

Kijana usihofu. Vaa shati jeupe, fika nusu saa kabla, wakisema jieleze anza na elimu yako kisha uzoefu, usizidishe dakika mbili. Na wakikuuliza mshahara usitaje wewe kwanza. Kila la heri kwenye usaili.

Kimya_Kingi

Asante mzee wangu ila usaili nshapita, kazi ninayo. Na kwenye usaili niliongea vizuri tu, maana wanauliza maswali ya kazi. Shida ni pale hamna swali la kazi.

Pwani_Mchangani (Jumapili asubuhi)

Nilikuwa kama wewe mdogo wangu. Dawa yake hii hapa. Andika sentensi 30 za salamu na stori, zikariri, simama mbele ya kioo kila asubuhi uzitamke mpaka ziwe zinatoka zenyewe. Alafu siku ya kwanza meza kidonge kimoja cha propranololi nusu saa kabla, kile cha presha, mikono haitetemeki moyo unatulia kama umelala. Duka la dawa unapata. Mi nilitoa hotuba ya harusi kwa hicho kidonge.

Mama_Tunu (Jumapili mchana)

Kimya_Kingi mwanangu, nimefanya ushauri wa watu wenye wasiwasi wa kukutana na watu kwa miaka mingi kidogo, nimestaafu sa hivi. Ngoja nikuandikie kwa kirefu, ila kwanza nimjibu Pwani.

Kutamka kwa sauti ni sawa kabisa. Kukariri sentensi 30 ndo pabaya, na ntaeleza kwanini. Kuhusu hicho kidonge, mtu mwenye pumu akikimeza anaweza kubanwa kifua vibaya sana, na mwenye moyo unaopiga polepole au presha ya kushuka naye kinaweza kumwangusha. Hicho ni cha daktari kukuandikia baada ya kukupima, sio cha kuambiana mitandaoni. Na hata kikikufaa, kitamsaidia mtu wa hotuba ya harusi ya mara moja. Wewe unaenda kusalimia watu kila siku ya kazi mwaka mzima.

Sasa wewe. Soma tena ulichoandika. Unafika saa moja kasoro, unapanda ngazi, hauendi chai. Hizo zote ni kinga ulizojiwekea usiaibike, na kila moja imekuharibia. Anayekwepa lifti anaonekana anakwepa watu. Anayejibu kwa sauti ya chini ili asikosee anaonekana hakujibu. Kuna Waingereza wawili, Clark na Wells, waliliandika hili vizuri mwaka 1995, kwamba mtu mwenye hofu hii akiingia kwenye watu macho yake yanageuka ndani, anaanza kujitazama yeye mwenyewe, moyo unavyokwenda, sauti inavyotoka, uso unavyopata joto. Alafu anachukua hiyo picha ya ndani anadhani ndo wenzake wanayoiona. Wakati huo huo aliye mbele yake hamuoni wala hamsikii vizuri, ndo maana mtu anakuambia kwema unajibu marahaba. Kiswahili unakijua, ila masikio yako wakati ule yalikuwa yanasikiliza moyo wako badala ya yule mzee.

Na hapo ndo kukariri kunapoharibu. Ukiwa na sentensi 30 kichwani, mtu anaongea na wewe uko bize unatafuta namba ngapi inafaa. Macho yanazidi kurudi ndani.

Kitu kingine, salamu yetu sio neno moja. Za asubuhi? Nzuri. Za nyumbani? Salama, sijui za kwako. Salama tu. Hapo mmeshapokezana mara kadhaa na hamjaanza kuongea chochote. Wewe unajiandaa na neno la kwanza peke yake, la pili linakukuta mikono mitupu. Lakini angalia majibu yenyewe yalivyo machache. "Salama" inajibu za asubuhi, za nyumbani, umeamkaje, habari za safari, na hata mambo ukimjibu mtu salama hakuna atakayekushangaa. Shikamoo ina jibu lake la lazima, na kwa umri wako hapo ofisini hutapewa shikamoo na mtu, labda mtoto wa bosi akija likizo. Kwa hiyo kazi yako ni neno moja, salama, na kumrudishia mwenzio, "za kwako?" Ukishamrudishia zamu ni yake, unapumua.

Kimya_Kingi

Mama umenisoma kama uko chumbani kwangu. Hilo la salama sijawahi kulifikiria, mi nilikuwa nadhani kila salamu ina ufunguo wake. Sasa nisikariri, nifanye nini? Nina siku nane.

Mama_Tunu

Leo jioni anza na sauti tu. Mtu anayefanya kazi peke yake nyumbani anaweza kufika saa sita mchana hajatamka neno, na neno la kwanza la siku huwa linatoka limekatika. Weka simu irekodi upande mmoja wa chumba, wewe simama upande wa pili, kama hatua tano, sema "habari za asubuhi" mara tatu kama unaingia ofisini. Kabla hujasikiliza, andika kwenye karatasi unadhani umesikika vipi, kutoka 0 mpaka 10, na unadhani kutetemeka kumesikika kiasi gani. Alafu sikiliza kama vile ni sauti ya mtu mwingine usiyemjua. Wengi wanakuta wamejipa 2 na sauti yenyewe ni ya kawaida, ya chini kidogo. Kama hausikiki kutoka hatua tano, hiyo ndo ya kurekebisha, ongeza sauti mpaka isikike. Na asubuhi kabla ya kutoka mpigie ndugu simu au soma gazeti kwa sauti dakika tano, koo lifunguke.

Kuanzia kesho toka nje. Anza na watu ambao kukujibu ni sehemu ya kazi yao, muuza duka, wakala wa pesa, mlinzi, konda. Watu watano kwa siku, sio mmoja, mmoja ukikosea naye utalala na kosa. Ukizoea, nenda kwa mtu ambaye baada ya salamu unamuongezea swali moja, kwa mfano mama wa vitumbua. Baadaye kundi. Na kabla ya Jumatatu, siku moja ya kazi panda gari asubuhi ile ile mpaka Posta, ingia kwenye lile jengo, msalimie mlinzi wa chini, panda lifti mpaka juu na ushuke. Usisubiri hofu iishe ndo uhamie hatua nyingine, ikipungua kidogo tu inatosha, songa.

Nunua kidaftari. Kabla ya kila zoezi andika unategemea nini kitatokea, na iwe kitu cha kuonekana kwa macho. Usiandike "ataniona mjinga", utajuaje? Andika "atanyamaza", "atacheka", "ataangalia pembeni", na una uhakika asilimia ngapi. Ukirudi andika kilichotokea.

Zoezi la kwanza kabisa nenda duka moja mara mbili. Mara ya kwanza nenda na kinga zako zote, simu mkononi, macho chini, hela umeishika tayari. Mara ya pili saa nyingine, simu mfukoni, umsalimie ukimwangalia usoni mpaka amalize kujibu, na kazi yako iwe kuona kitu kimoja kwake, kavaa nini, ana hali gani. Alafu utuambie tofauti.

Nyeri_hadi_Kinondoni (Jumapili usiku)

Mi Mkenya, nilihamia Dar 2019 kikazi. Nairobi kwetu ofisini ni "sasa", "poa", umemaliza, kila mtu kwa kompyuta yake. Nikafika huku wiki ya kwanza nikawa nasema sasa kwa kila mtu hadi kwa mhasibu mkuu wa miaka hamsini na kitu. Akanijibu "sasa nini?" Nikadhani ananiuliza swali, nikaanza kumweleza. Kumbe nilikuwa nafaa kumpa shikamoo. Na mimi si mtu wa wasiwasi, lakini wiki mbili nilikuwa naogopa korido. Kwa hivyo ndugu hauko peke yako, hata sisi wenye midomo hizi salamu zenu zilitukalisha.

Fundi_Kipara

Hapo kwenye shikamoo mnamdanganya kijana. Ofisi za siku hizi shikamoo inaleta shida. Dada wa miaka 40 ukimpa shikamoo kashakununia, anaona umemzeesha. Bosi wa miaka 30 utampa? Mi sheria yangu ofisini ni habari za asubuhi kwa wote, mwisho. Shikamoo nawapa nyumbani.

Mwana_wa_Tanga

Fundi wewe ndo unadanganya. Mama wa usafi ana miaka 55 unamwambia habari kama mwenzio? Kwetu huyo ni mzazi. Na yeye ndo wa kwanza kufika, ukimzoea yeye umeshapata mtu ofisini. Mtu mwenye umri wa kukuzaa mpe shikamoo yake, cheo hakihusiani.

Fundi_Kipara

Na utajuaje umri wake, utamuomba kitambulisho?

Kimya_Kingi (Jumatatu usiku)

Ripoti. Kurekodi jana, nilijipa 2 kabla ya kusikiliza. Nikasikiliza. Kusema kweli haikuwa mbaya, ilikuwa kama mtu anaongea na mtu wa karibu wakati aliyemlenga yuko mbali. Mara ya tatu nikaongeza, nikasikika. Mtetemo niliodhani ni mkubwa hausikiki kabisa kwenye simu.

Duka. Asubuhi nimeenda na kinga zangu. Niliandika "hatajibu, atanipa kitu tu", asilimia 80. Nikasema habari huku naangalia simu, Mangi kweli hakujibu, akaniuliza tu "ngapi?" nikanunua sabuni nikaondoka. Nikasema si unaona.

Jioni nimerudi simu mfukoni. Niliandika hivyo hivyo, "hatajibu", 80. Nikamwangalia, nikasema "Mangi habari za jioni". Akasema "salama, za kwako bwana, leo hujaenda kazini?" Hapo nikaganda, hilo swali sikulitegemea, ila nikasema "naanza wiki ijayo, Posta". Akasema hongera, basi jiandae na foleni, akaanza kunihadithia kaka yake anayeuza viatu Kariakoo. Dakika kama tatu nimesimama pale. Alikuwa kavaa jezi ya Yanga ya zamani, imechanika begani. Nakaa huu mtaa miaka mitatu sijawahi kujua kama Mangi ni wa Yanga.

Mama_Tunu

Umeona ulivyoandika mwenyewe. Asubuhi kimya cha Mangi ulikiona ushahidi kwamba watu hawakujibu. Kumbe ulimsalimia ukiangalia simu, yeye ataijuaje ile habari ni yake?

Bwana_Kontena (Jumanne)

Nimefanya kazi ofisi za mizigo miaka kumi na moja, ngoja nikupe za ndani. Hizi ofisi asubuhi watu wako bize na meli imeingia lini na nyaraka za forodha, hakuna mtu ana muda wa kukuchunguza sauti. Ukiingia simama mlangoni kidogo, sema kwa wote "habari za asubuhi jamani", watajibu kwa pamoja, wengine hawatainua kichwa na hawajakuchukia. Alafu yule unayekaa naye jirani ndo msalimie peke yake. Hamna haja ya kuzunguka meza zote ukishika mikono, labda siku ya kwanza unapotambulishwa, na hapo atakuzungusha mtu.

Kitu kinachowasumbua wengi ni mkikutana tena. Umemsalimia mtu saa mbili, saa tano mnapishana korido, unasema nini? Sisi tunasema "za saa hizi" au "pole na kazi", au unainua nyusi tu unatabasamu unapita. Usianze za asubuhi upya.

Chai saa nne nenda. Siku ya kwanza na ya pili utaulizwa maswali yale yale matatu, unakaa wapi, kwenu wapi, ulikuwa wapi kabla ya hapa. Usijibu neno moja. Ukisema "Mbagala" umeua stori, mwenzio hana pa kushika. Sema "Mbagala Rangi Tatu, leo nimetoka saa kumi na moja na nusu". Sasa yeye ana foleni, ana kuamka mapema, atadaka kimojawapo. Mpira kama hufuatilii usijifanye, watakubana na maswali ya wachezaji. Sema mi mpira sijui, kwani jana ilikuwaje, watakusimulia mpaka chai ipoe na wewe umefaulu bila kusema kitu.

Na majina. Uliza siku ile ile. "Samahani, jina lako nani vile?" siku ya kwanza ni kawaida, siku ya kumi ni aibu, mwezi wa tatu utamuita bosi, mkuu, kiongozi mpaka unastaafu.

Utani wa makabila wiki ya kwanza cheka tu, usirudishe. Hujajua nani mtani wa nani pale.

Mama_Tunu

Bwana Kontena hilo la kuongeza kipande kwenye jibu nalikazia. Wateja wangu nilikuwa nawaambia jibu liwe na mkia. Kimya_Kingi usiandae mkia nyumbani, chukua chochote kilichokutokea asubuhi ile.

Kimya_Kingi (Jumatano usiku)

Leo nimeanguka. Nimeenda kijiwe cha boda pale kona, niliandika "watageuka wote kuniangalia", asilimia 90. Nikasema "habari zenu jamani". Hakuna hata mmoja aliyejibu. Hata mmoja. Walikuwa wanabishana penati. Nikaendelea kutembea kama vile nilikuwa naongea na simu. Nimerudi ndani saa 12, sa hizi saa nne bado narudia ile sekunde kichwani, nahisi kichefuchefu. Labda watu wengine hatukuumbiwa hii.

Pwani_Mchangani

Ndo maana nilikwambia kidonge.

Mama_Tunu

Pwani acha hizo, hujui kama ana pumu.

Kimya_Kingi, fungua daftari. Uliandika watageuka wote kukuangalia. Waligeuka? Hawakugeuka. Ulichoogopa hakikutokea, kimetokea kingine ambacho hukukitegemea, na sasa unakihesabia kama kile kile. Hawakukusikia au walikusikia wakawa kwenye ubishi, hatujui. Ila tunaweza kujua. Kesho nenda tena pale pale, karibu hatua mbili, usisalimie kundi, mchague mmoja aliyekaa kimya, mwangalie yeye, subiri wanyamaze kidogo. Kama naye hakujibu tutaongea vingine.

Na huo mkanda unaourudia tangu saa 12, huo unakuchosha kuliko kijiwe chenyewe. Kila ukiurudia unaongezea vitu ambavyo havikuwepo. Andika mistari yako, funga daftari, amka ufue hata soksi. Ukirudi kichwani usigombane nao, endelea na soksi.

Dada_Mnyenyekevu

Samahani naingilia. Mi mwenzenu haiishii kwenye salamu, siku ya kwenda mahali penye watu natapika asubuhi, na mwaka huu nimeacha chuo. Haya mazoezi na mimi yananifaa?

Mama_Tunu

Mwanangu, kwa hali yako usianze peke yako na daftari. Ikishafika kutapika na kuacha chuo, nenda hospitali ya mkoa uulizie kliniki ya afya ya akili, kama uko Dar Muhimbili wana idara yake. Mazoezi kama haya wanayatumia pia, ila mtu anakaa na wewe hatua kwa hatua, na ikihitajika dawa, kuna za kumeza kila siku ambazo daktari anakuanzishia na kukufuatilia. Nenda na mtu unayemwamini siku ya kwanza.

Kimya_Kingi (Ijumaa mchana)

Jana nimerudi kijiweni. Nimemchagua mmoja alikuwa anafuta pikipiki. "Bosi habari za saa hizi." Akasema freshi kaka, unaenda wapi? Nikasema siendi, nasalimia tu. Akacheka, ila akasema karibu ukae. Sikukaa, ila nimemwambia kesho. Uhakika wangu ulikuwa 70 kwamba hatajibu.

Leo asubuhi nimeenda Posta. Mlinzi wa chini nimemsalimia akaniuliza naenda ofisi gani, nikamwambia naanza Jumatatu nimekuja kujua njia. Akanionyesha lifti ipi inafanya kazi, maana moja ni mbovu. Nimepanda na watu wanne, nimesema habari za asubuhi, wawili wamejibu, mmoja alikuwa na hedifoni. Nimefika ghorofa ya tano nikashuka nikasimama pale sekunde kama kumi nikarudi chini kwa ngazi. Najua ngazi ni kinga. Ila nimepanda.

Swali, nimwambie bosi mapema kwamba nina hili tatizo?

Bwana_Kontena

Usimwambie. Wiki ya kwanza wanakusoma, utabandikwa jina.

Nyeri_hadi_Kinondoni

Mimi nilimwambia wangu nina shida ya kuongea kwa mikutano na alinisaidia sana. Inategemea mtu.

Mama_Tunu

Subiri umjue. Wiki ya kwanza huna taarifa za kutosha juu yake, na ukisema kwa hofu siku ya kwanza inaweza ikawa na yenyewe ni kinga, unajiombea msamaha kabla hujakosa. Ila simpingi Mkenya, kuna mabosi unawaambia na wanakuelewa.

Kimya_Kingi (Jumatatu usiku)

Jamani nimerudi, niko hai. Nimefika saa mbili kasoro robo, sio saa moja kasoro, makusudi niwakute. Asubuhi nilimpigia mama dakika kumi, koo likafunguka.

Kwenye lifti tumebaki mimi na mama mmoja, nikamkadiria kama miaka 50, suti nzuri, nikakumbuka Mwana wa Tanga. Nikasema shikamoo mama. Akanijibu "marahaba, ila mi sio mzee hivyo bwana". Akacheka. Uso ulipata joto mpaka masikio, nikataka lifti ikatike. Badala ya kuangalia simu nikamwangalia yeye, alikuwa anacheka kweli, hajakasirika, kabeba chupa ya chai na mfuko wa maandazi. Nikasema "samahani, leo ndo naanza, sijui bado nani ni nani". Akaniuliza ghorofa ya ngapi, nikasema ya tano, akasema basi tunaenda wote.

Ndo mhasibu mkuu. Ndo bosi wangu.

Mlangoni nilisema habari za asubuhi jamani, wamejibu kama wanne. Chai nimeenda. Wameniuliza nakaa wapi, nimetumia mkia, nimesema Rangi Tatu leo nimesimama kwenye gari mpaka Posta, mmoja akasema na yeye anatoka Kongowe, tutakuwa tunakutana kituoni. Majina nimeuliza matano, mawili nshayasahau, nitauliza tena kesho. Mchana nilikwepa korido mara moja nikajifanya napigiwa simu. Jioni nimechoka kama nimebeba mifuko ya saruji.

Nisaidieni kimoja, kesho huyo bosi nimpe nini?

Fundi_Kipara

Nilisema! Habari za asubuhi, mwisho.

Mwana_wa_Tanga

Alicheka huyo, hajakataa. Mpe shikamoo yake.

Kimya_Kingi (Jumanne usiku)

Nimemfuata Fundi. Nimeingia, nikamwambia "habari za asubuhi mama". Akainua kichwa mbele ya ofisi nzima, "heh, leo shikamoo yangu umeiacha Mbagala?" Wote wakacheka. Nami nikacheka, sauti imetoka. Nikasema "ipo, nilidhani umeikataa".

Kesho sijui nifanyeje.

Fundi_Kipara

Huyo mama ana matatizo yake, mi msimamo wangu uko pale pale.